Barua ya kuomba mita ya LUKU ipimwe: cha kupima kwanza, cha kuandika, na cha kufuatilia

Barua nyingi za malalamiko ya mita zinazofika kaunta ya TANESCO zinasema jambo moja: "umeme unaisha haraka." Barua ya namna hiyo hujibiwa kirahisi. Afisa atatazama historia ya manunuzi, ataona umenunua, atakushauri uangalie friji na pasi, na faili linafungwa. Ombi la kupima mita hupata uzito pale barua inapoonyesha kwamba mita yenyewe inahesabu uniti nyingi kuliko zinazotumika, na kwamba mwandishi ameshaondoa sababu nyingine. Kazi kubwa basi iko kabla ya barua. Tutachukua mfano wa nyumba moja ya kufikirika mtaa wa Cheyo, Tabora mjini, tuufuate mpaka barua imegongwa muhuri.

Kwanza tenganisha shilingi na uniti

Mita haijui bei. Ukinunua kwa fedha ileile ukapata uniti chache, tatizo liko kwenye bei au makato, na kupima mita hakutabadilisha chochote. Chukua risiti mbili, ya zamani na ya sasa, uzisome mstari kwa mstari. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya wakala wa umeme vijijini, REA, asilimia 3, na ya mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, asilimia 1. Ndiyo maana mtu wa T1 akitoa 10,000 hupata uniti 28 na kidogo, na wa D1 hupata uniti 75 kwa 9,150. Aliyehamishwa kutoka D1 kwenda T1 ataapa kwamba mita inakimbia, kumbe uniti zake ni zilezile.

Kuna pia kodi ya majengo, ambayo tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 Julai 2023. Ukipitisha miezi mitatu bila kununua, makato yanakusubiri kwa pamoja.

Kwa hiyo kuanzia hapa hesabu uniti tu. Jumlisha uniti za risiti zote za kila mwezi, miezi mitatu kabla ya shaka kuanza na miezi mitatu baada yake. Risiti zikipotea, tafuta meseji za tokeni kwenye simu.

Nyumba yetu ya Cheyo ilibadilishiwa mita tarehe 14 Juni. Machi, Aprili na Mei ilitumia uniti 118, 121 na 115, wastani 118. Julai, Agosti na Septemba ikatumia 135, 134 na 136, wastani 135. Watu ni walewale, vyombo ni vilevile. Ongezeko ni asilimia 14.

Hapo wengi wangekimbilia kalamu. Lakini takwimu hizo peke yake zina tafsiri mbili: mita mpya inakimbia, au ya zamani ilikuwa inachelewa na mpya ndiyo inasema kweli. Afisa atachagua ya pili, na hutakuwa na la kumjibu mpaka upime.

Jaribio la kwanza: zima kila kitu

Zima meni swichi ya nyumba, kisha kaa mbele ya mita dakika 30 ukitazama kitaa chekundu kinachomweka. Kwenye mita nyingi za kielektroniki kikibaki kimewaka bila kumweka maana yake hakuna umeme unaopita, usishtuke. Kikimweka mara moja katika nusu saa hiyo, si hoja. Kikiendelea kumweka, ama mita ina hitilafu, ama kuna waya uliochukuliwa kati ya mita na meni swichi. Vyote viwili ni vya kuandika kwenye barua.

Sasa washa meni swichi, ila chomoa kila chombo: friji, king'amuzi, chaja. Kitaa kikianza kumweka sasa, tatizo liko upande wako wa nyumba, na aghalabu ni waya unaovujisha umeme ukutani au chombo ulichosahau. Tafuta fundi umeme kabla ya kuandika barua.

Lipo jambo jingine ambalo hata mafundi hulipita. Mita nyingi za sasa hupima waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kisha huhesabu ule wenye umeme mwingi zaidi, ili kuzuia wizi. Nyumba yenye banda la uani lililo na mita yake, kama fundi aliunganisha nyutro za pande mbili mahali fulani, umeme wa mpangaji hurudi kwa kupitia nyutro yako na mita yako ikauhesabu. Mita haina kosa hata kidogo, ila unamlipia mpangaji pasi. Kulijua hili, acha vyombo vyako vyote vimechomolewa, meni swichi ikiwa imewashwa, kisha mwombe mpangaji awashe pasi au birika. Kitaa chako kikianza kumweka naye akiwasha, na kutulia naye akizima, umepata jibu, na barua ya kupima mita haihitajiki.

Jaribio la pili: birika la umeme

Hili ndilo litakalobeba barua. Tafuta kwenye uso wa mita maandishi kama `1000 imp/kWh`. Hiyo ni idadi ya kumweka kwa kila uniti moja. Nyingine zina `1600` au `3200`, kwa hiyo soma, usikisie.

Tumia birika la kawaida la kuchemshia maji. Pasi na jiko la sahani hujizima na kujiwasha zenyewe zikipata moto, zitakuvurugia hesabu. Birika huvuta umeme uleule tangu linapowashwa mpaka maji yachemke, na lita 1.7 hukupa karibu dakika nne. Lichomeke moja kwa moja kwenye soketi, bila ekstensheni, na hakikisha hakuna chombo kingine kinachotumia umeme.

Chini ya birika kuna kibandiko. La nyumba yetu kimeandikwa `220-240V 1850-2200W`. Watu husoma namba moja kati ya hizo mbili na kwenda nayo, na hapo ndipo malalamiko mengi huharibika. Maana yake ni kwamba likipata volti 220 linavuta wati 1,850, likipata 240 linavuta 2,200. Nguvu hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo lazima ujue volti za soketi yako birika likiwa limewaka. Fundi yeyote mwenye kipima volti atakusomea kwenye soketi ya pili ya ukuta huohuo. Nyumba ya Cheyo ilisoma 236. Hesabu ni hii:

```
wati halisi   = 2200 x (236/240)^2          = 2127
wati za mita  = 3600 x 60 x 1000/(1000 x 89) = 2427
uwiano        = 2427/2127                   = 1.14
```

Mstari wa pili unatokana na kuhesabu kumweka 60 na kupima muda. 3600 ni sekunde za saa moja, 60 ni idadi ya kumweka, 1000 ya juu inageuza kilowati kuwa wati, 1000 ya chini ni namba iliyoandikwa kwenye mita, na 89 ni sekunde zilizopita. Mita sahihi ingechukua kama sekunde 102 kumweka mara 60. Hii imechukua 89. Inahesabu asilimia 14 zaidi.

Unapohesabu, kumweka kwa kwanza ni sifuri, ndipo saa ianze. Ukiita "moja" papo hapo, umejipunguzia kipande kizima. Njia nzuri zaidi ni kurekodi video kwa simu kisha kuhesabu ukiwa umetulia. Mita za `3200` humweka upesi hata jicho halifuati. Rudia mara tatu, kwa maji ya baridi kila mara. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya sekunde mbili tatu, kuna chombo kingine kinajiwasha ndani ya nyumba, aghalabu friji.

Jaribio hili lina mpaka wake. Vyombo vya kupasha joto vinaruhusiwa kiwandani kuzidi wati za kwenye kibandiko kwa asilimia 5, au kupungua kwa asilimia 10. Nyaya za nyumba nazo hula kidogo kabla umeme haujafika kwenye soketi. Kwa hiyo mita ikionekana kuzidi kwa asilimia 4 au 5, hujathibitisha kitu. Ikizidi kwa 14, birika haliwezi kubeba lawama yote. Na mtu ambaye angechukua 1,850 ya kibandiko bila kupima volti angeandika asilimia 31, na mhandisi angemkosoa kwa mstari mmoja.

Mita ikiwa juu ya nguzo na ndani una kibodi tu, kitaa huenda usikione vizuri. Soma jumla ya uniti zilizotumika kwenye kibodi, chemsha birika mfululizo ukibadilisha maji mpaka ziishe dakika 30 za kuwaka, kisha soma tena. Kwa wati 2,127 inapaswa kuongezeka uniti 1.06. Namba za kubonyeza ili kuona jumla hutofautiana kwa kila mtengenezaji, waulize kaunta. Usipande nguzo, na usiguse sili ya mita hata ikiwa imelegea: ukikutwa imekatika, barua yako itageuka kesi dhidi yako.

Sasa linganisha majibu mawili. Risiti zinaonyesha asilimia 14, birika linaonyesha asilimia 14. Yanapokubaliana namna hii, ile hoja ya mita ya zamani kuchelewa inadhoofika sana. Kama risiti zingeonyesha asilimia 40 na birika 14, ingebidi utafute asilimia zilizobaki ndani ya nyumba, labda mpira wa mlango wa friji uliochoka, na kulisema hilo kwenye barua badala ya kuitupia mita mzigo wote.

Barua yenyewe

Mwandishi awe mteja ambaye jina lake liko kwenye mita. Nyumba nyingi bado zina jina la aliyeuza au la marehemu baba. Angalia jina kwenye risiti. Kama si lako, ambatisha nakala ya hati ya mauziano au ya usimamizi wa mirathi, la sivyo itarudishwa kabla haijasomwa. Ukurasa mmoja unatosha. Sentensi za hasira na neno "wizi" ziache.

> S.L.P. ……,
> Tabora.
> 6 Oktoba 2025
>
> Meneja wa Mkoa,
> TANESCO,
> S.L.P. ……,
> Tabora.
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA KUPIMIWA MITA NAMBA ………… , MTAA WA CHEYO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mteja wako wa daraja la T1. Mita tajwa ilifungwa nyumbani kwangu tarehe 14 Juni 2025 badala ya mita namba ………… . Namba ya sili ni ………… .
>
> Miezi mitatu kabla ya kubadilishwa (Machi hadi Mei) nilitumia wastani wa uniti 118 kwa mwezi. Miezi mitatu baada yake (Julai hadi Septemba) wastani ni uniti 135. Idadi ya watu na vyombo haijabadilika.
>
> Tarehe 4 Oktoba 2025, vyombo vingine vyote vikiwa vimechomolewa, niliwasha birika la umeme (220-240V, 1850-2200W). Volti kwenye soketi zilikuwa 236. Kwa mita ya 1000 imp/kWh, kumweka 60 kulichukua sekunde 89, wakati kulitarajiwa kuchukua takribani sekunde 102. Nilirudia mara tatu. Meni swichi ikiwa imezimwa, mita haimweki. Ikiwa imewashwa bila chombo chochote, haimweki pia, hata mpangaji wa banda la uani akitumia umeme kwenye mita yake.
>
> Natambua kuwa jaribio la nyumbani si kipimo rasmi. Kwa hiyo naomba:
>
> 1. Mita ipimwe kwa kipimo rejea, mimi au mwakilishi wangu nikiwepo, ikiwa na mzigo mdogo na mzigo mkubwa.
> 2. Kama haitawezekana, ifungwe mita ya ulinganisho mfululizo na hii kwa siku 14.
> 3. Nijulishwe kwa maandishi tarehe ya kupima, gharama yoyote ninayotakiwa kulipa, na kama itarejeshwa mita ikionekana na kasoro.
> 4. Nipewe nakala ya matokeo yenye asilimia ya kosa.
> 5. Mita ikionekana imezidisha, ibadilishwe, na uniti zilizozidi tangu 14 Juni 2025 zirejeshwe.
>
> Napatikana kwa simu namba ………… .
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
>
> (Sahihi)
> (Jina kama lilivyo kwenye mita)
>
> Viambatisho: nakala za risiti za miezi sita, jedwali la uniti la siku saba, picha ya uso wa mita na ya kibandiko cha birika, video kwenye flashi.

Mambo mawili katika barua hiyo yanahitaji maelezo. "Mzigo mdogo na mzigo mkubwa" limewekwa kwa sababu mita inaweza kuwa sawa birika likiwaka na ikakosea taa mbili tu zikiwa zimewaka, au kinyume chake. Fundi mwenye haraka hupima mara moja na kuondoka. Ombi la pili nalo ni la akiba yenye nguvu: mita mbili zikipitisha umeme uleule kwa siku 14, mwisho wake unatoa namba moja kwenye nyingine, na hakuna wa kubishana.

Jedwali la siku saba ni rahisi. Kila siku saa moja jioni andika uniti zilizobaki. Matumizi ni zilizobaki jana, jumlisha ulizonunua, toa zilizobaki leo. Nyumba ya Cheyo inapata kama uniti 4.5 kwa siku, sawa na 135 kwa mwezi, kwa hiyo jedwali na risiti havigongani. Vikigongana, kagua hesabu kabla ya mtu mwingine hajakukagulia.

Kuipeleka, na siku ya kupimwa

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele yako. Omba pia namba ya malalamiko. Bila hivyo, ukirudi utaambiwa barua haionekani, na mara nyingi kweli haionekani.

Mafundi wakija, piga picha ya uniti zilizobaki na ya sili kabla hawajagusa chochote. Uliza darasa la mita: iliyoandikwa `Class 1` au `Cl. 1` inatakiwa kuwa ndani ya asilimia 1 juu au chini katika mizigo ya kawaida, na yenye 2 ndani ya asilimia 2. Matokeo yakisema +0.6 kwa mita ya darasa la 1, mita ni nzima, rudi kwenye nyaya zako. Wakiamua kwenda nayo, dai karatasi yenye namba ya mita, namba ya sili, jumla iliyosomwa na uniti zilizobaki, ili zihamishiwe kwenye mita mpya. Namba ya mita itabadilika, na tokeni ambayo hujaiingiza haitakubali kwenye mita nyingine, kwa hiyo iingize kabla haijang'olewa.

Kama mita imekutwa na kosa la asilimia 14, hesabu ya marejesho ni hii: 135 gawanya kwa 1.14 unapata kama 118, kwa hiyo zilizozidi ni karibu 17 kwa mwezi. Kwa T1 pamoja na makato, uniti moja ni takribani shilingi 356, yaani karibu shilingi 6,000 kila mwezi. Dai zirudi kama uniti kwenye akaunti ya mita mpya. Ni rahisi kwa ofisi kuliko kukurudishia fedha taslimu.

Barua isipojibiwa, andika ya pili fupi ikitaja tarehe ya muhuri wa kwanza na namba ya malalamiko, na nakala kwa Wakala wa Vipimo mkoani Tabora. Hapo tu ndipo uende EWURA, kwa sababu hawalipokei lalamiko ambalo halijapita kwanza kwa mtoa huduma. Utahitaji nakala zote mbili zenye muhuri na matokeo ya kipimo kama yapo. Kabla ya hapo, ofisi za EWURA CCC, baraza linalowatetea watumiaji wa nishati na maji, zinaweza kukusaidia kuandaa lalamiko hilo bila kukutoza.